Muhogo, Mhogo na Alama ya Nne

Sentensi yenyewe ilikuwa moja tu: "Muhasibu wa kijiji aligonga mhuri kwenye barua ya muhandisi aliyekuja kukagua shamba la mhogo." Chini yake palikuwa na agizo kwamba mwanafunzi asahihishe tahajia ya maneno yaliyoandikwa kwa makosa, na pembeni alama nne.

Ulikuwa mtihani wa majaribio wa kidato cha pili, uliotungwa na sisi walimu wenyewe kwa ajili ya shule kadhaa za upande wetu wa Tarime. Tulikusanyika kuusahihisha wakati wa likizo, katika maktaba ya shule moja ya Nyamisangura. Walimu wa Kiswahili tulikuwa wanane. Kila mmoja alipewa maswali yake. Ukimaliza lako kwenye karatasi, unamsukumia mwenzako naye asahihishe lake. Mimi nilipewa swali la tahajia.

Siku ya kwanza nilisahihisha bila kufikiri. Mwongozo wa majibu ulisema: mhasibu, muhuri, mhandisi, muhogo. Nikawa napita na kalamu nyekundu, tiki, tiki, kosa, tiki. Siku ya pili asubuhi yakanifikia mafungu ya shule yangu, ya Nyamwaga. Nikaanza kuona kosa lilelile likijirudia. Watoto wangu walikuwa wamerekebisha mhasibu, wakarekebisha muhuri, wakarekebisha mhandisi, halafu mhogo wakauacha palepale ulipo. Wengine, kwa kuwa alama ni nne na wao wameona makosa matatu, walitafuta la nne kwa nguvu. Mmoja alibadili "kukagua" ikawa "kukaguwa".

Kosa halikuwa lao, lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyewaandikia ubaoni, kwa mkono wangu, kwamba ngeli ya U-I ina maneno kama mti, mkate, mhogo.

Nikaweka kalamu chini.

"Mwenyekiti," nikasema, "naomba tulitazame hili la nne. Mhogo si kosa."

Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Busawe, kule Serengeti, aliyefundisha Tarime miaka mingi na kubakiza michache ya kustaafu. Wote tulimwamkia shikamoo, hata wale wenye mvi. Swali lile alilitunga yeye. Alivua miwani, akanitazama, akaivaa tena.

"Si kosa kwa mujibu wa nani, madam?"

"Kwa mujibu wa watu wanaoliandika."

"Watu wanaandika mengi." Alivuta kamusi yake, iliyojaladiwa kwa karatasi ya kaki kama daftari la mtoto. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka zamani, kwa hiyo hakuna aliyejua ni toleo la mwaka gani. Akalamba kidole, akafunua, akasoma kwa sauti: "Muhogo. Mmea wenye mizizi inayoliwa. Haya. Sasa mhogo." Akarudi nyuma kwenye kurasa za mh. "Mhariri yupo. Mhasibu yupo. Mhogo haupo. Nisome tena?"

Wenzangu wakacheka kidogo. Si kwa ubaya, ila mimi nilisikia vibaya.

Nilikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho, nami nilijua kwamba ninacho. Nilipokuwa chuoni nilikusanya matini za Kiswahili kwa ajili ya utafiti wangu wa mwisho: habari za magazeti, matangazo, hotuba, vijitabu vya wakulima, chochote nilichokipata. Vitu vya namna hiyo vikipangwa ndani ya kompyuta huitwa korpasi. Unaandika neno, programu inakutafutia kila mahali lilipotumika na kukuhesabia. Niliibeba ile kompyuta kila mahali, na sioni haya kusema kwamba niliibeba pia ili watu waione.

Nikaifungua mezani. Nikaandika mhogo, ikatoa hesabu. Nikaandika muhogo, ikatoa hesabu. Nikaigeuza kompyuta ili mwenyekiti aone.

"Tazama mwenyewe, mama. Mhogo umeuacha muhogo mbali sana. Haya ni maandishi halisi ya Watanzania. Kamusi ni maoni ya watu wachache waliokaa chumbani."

Mwalimu mmoja kijana akatoa simu, akatafuta mtandaoni. Akasema kwa furaha kwamba mhogo una majibu maelfu kwa maelfu. Hakuna aliyemuuliza ameandikaje. Wengine wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja akasema, kweli, hata yeye huandika mhogo, na magunia ya unga sokoni yameandikwa hivyohivyo.

Mwenyekiti aliifunga kamusi, kidole kikiwa bado katikati ya kurasa.

"Kwa hiyo kosa likizoeleka linakuwa sahihi?"

"Hata wenye kamusi huwa wanahesabu, mama. Wanaangalia watu wanasemaje, wanaandikaje. Kamusi yako ilihesabu zamani. Mimi nimehesabu juzi."

Jibu hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu nililipenda wakati nalitoa. Mwenyekiti alishusha pumzi.

"Sawa. Mimi sitaki watoto waumizwe kwa neno ambalo nchi nzima inaliandika. Mhogo ni sahihi. Aliyeuacha apate alama ya nne. Na waliobadili wakaandika muhogo?"

Hapo ndipo nilipokosea hasa. Ningeweza kusema nao wapate. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi ulikuwa bado moto mkononi. "Wamebadili neno lililokuwa sahihi," nikasema. "Hao wamekosa."

Tukaanza kurudia. Mafungu yote niliyosahihisha siku ya kwanza yakarudishwa mezani kwangu, na wawili wakanisaidia. Tulifuta tiki kwa waliobadili wakaandika muhogo, tukaweka tiki kwa waliouacha mhogo. Wenzetu waliokuwa wakijumlisha alama walinung'unika, maana ilibidi wakate jumla za jana na kuandika mpya. Watoto wangu wa Nyamwaga wakapanda, mmoja mmoja. Wa shule nyingine wakashuka.

Mezani kwangu, upande wa dirishani, alikaa mwalimu tuliyemwita Ustadhi. Familia yake ni ya wafanyabiashara Waislamu wa pale mjini. Babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka Tanga na hakurudi. Alikuwa amesahihisha swali lake la ushairi kimya muda wote ule. Alipoona nafuta tiki ya tatu au ya nne mfululizo, akainama upande wangu.

"Madam, mimi nyumbani kwetu tangu nizaliwe nasikia muhogo. Bibi yangu akisikia mhogo atadhani mtu ana mafua."

"Ustadhi, nyumbani kwenu si korpasi."

"Najua." Alitabasamu. "Ndiyo maana nataka kuuliza. Hayo maandishi yako yanatoka wapi? Nani aliyaandika?"

"Watu mbalimbali."

"Haya," akasema, akarudi kwenye ushairi wake.

Saa nne tukaenda kunywa chai. Siku hiyo ilikuja na mihogo ya kuchemsha, na watu wakapata la kufanyia mzaha: huu ni wa mu au wa m? Mwalimu mmoja akaona kwamba sote tunasema mihogo tukiwa na zaidi ya mmoja, na kwamba mtihani ungeuliza kwa wingi tusingegombana. Ilikuwa kweli, na ikanikumbusha kwamba hata mimi, katika hesabu zangu, iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa ya mihogo, isiyosema lolote kuhusu ugomvi wetu. Niliiona hesabu ile na kuiruka.

Swali la Ustadhi lilikuwa limenikaa kama unyoya kooni. Nikachukua kikombe changu, nikarudi maktaba peke yangu.

Programu ile ina namna mbili za kukujibu. Moja ni hesabu tu, ndiyo niliyomwonyesha mwenyekiti. Ya pili inakupangia mistari yenyewe, neno lako likiwa katikati, maneno ya kabla upande wa kushoto, ya baada upande wa kulia, na pembeni kabisa jina la faili lilimotoka. Nikafungua ya pili, nikaanza kusoma.

Mstari wa kwanza: namna ya kuchagua pingili za mhogo zisizo na ugonjwa. Wa pili: dalili za ugonjwa wa batobato kwenye majani ya mhogo. Wa tatu: pingili tena. Nikashuka. Batobato, pingili, batobato, michirizi kahawia. Nikatazama majina ya faili. Karibu yote yalikuwa ya fungu moja la vijitabu vya kilimo, nilivyopewa na rafiki ndani ya flashi moja nilipokuwa na haraka ya kujaza mkusanyo wangu. Vilitoka ofisi ileile. Tena kijitabu kilikuwa kimoja, kikitolewa msimu baada ya msimu, jalada jipya na maneno yaleyale ndani. Huenda mtu mmoja tu, aliyekaa mbele ya meza moja, aliamua kuandika mhogo, na uamuzi wake ukanakiliwa mpaka mimi nikauhesabu kama sauti ya nchi nzima.

Nikaviondoa vijitabu vile kwenye utafutaji, nikahesabu upya. Mhogo ukaporomoka. Muhogo ukawa mbele. Nikataka kusema basi muhogo ndio sahihi, lakini nikatazama mistari ya muhogo nayo: mingi ilikuwa ya magazeti mawili, na gazeti lina wahariri wanaofuata kamusi. Kwa hiyo nilipodhani nasikia watu, kwa sehemu kubwa nilikuwa naisoma kamusi ya mwenyekiti kwa njia ya kuzunguka.

Nikachukua simu yangu, nikatafuta mtandaoni kama alivyofanya kijana. Idadi kubwa ilikuwa pale juu, kweli. Lakini majibu ya kwanza kabisa yalikuwa na muhogo ndani yake. Mtambo ulikuwa umeamua wenyewe kwamba nilimaanisha hivyo na kunichanganyia yote mawili. Nikaliweka neno ndani ya alama za kunukuu ili uniletee hilo hilo tu. Idadi ikapungua. Nikafungua kurasa za mbele moja baada ya nyingine, na kabla sijafika mbali zikaisha. Ile idadi ya juu ilikuwa makadirio tu, na sehemu ya yaliyokuwepo ilikuwa habari moja iliyonakiliwa na tovuti nyingi.

Nilikaa pale na chai iliyopoa. Nje walikuwa wakicheka. Nitasema ukweli: wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kufunga kompyuta. Hakuna aliyejua kusoma ile mistari isipokuwa mimi. Mwenyekiti alikuwa ameshaamua, karatasi zilikuwa zimesharudiwa nusu, watoto wangu walikuwa wameshapanda. Nikavuta fungu lililokuwa karibu, la shule ya mbali ambayo sijawahi kufika. Juu yake palikuwa na karatasi ya msichana aliyepata yote manne jana yake, na sasa alikuwa na matatu. Tiki yake ya nne nilikuwa nimeifuta kwa mistari miwili mizito, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Waliporudi nikasimama.

"Mwenyekiti, nimekosea. Hesabu niliyokuonyesha si ya nchi nzima. Ni ya kijitabu kimoja kilichojirudia." Nikawaeleza yote, pamoja na la simu, nikageuza kompyuta wajionee majina ya faili. Kijana akatazama simu yake kama imemsaliti.

Nilitegemea mwenyekiti afurahi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakufurahi. Alikaa, akauliza, "Na ukitoa hicho kijitabu, mhogo unabaki hata kidogo?"

"Unabaki. Watu tofauti tofauti, hapa na pale."

"Si kosa la mtu mmoja la kuteleza?"

"Hapana, mama. Wanaoandika hivyo wanakusudia."

Akanyanyuka, akaenda kwenye rafu za maktaba. Tukamsikia akivuta vitabu, akivirudisha. Akaja na kamusi nyingine, mpya zaidi, yenye muhuri wa shule. Akaiweka kando ya ile yake ya kaki, akafungua kwenye mh.

"Huku upo," akasema. "Mhogo. Tazama muhogo."

Tukamzunguka. Ustadhi akasema, "Tazama maana yake ni nini? Kwamba ni kosa, nenda kwenye sahihi? Au kwamba yote yanakubalika?"

Nilikuwa nimetumia kamusi miaka yote bila kujiuliza hilo. Mwenyekiti akarudi mwanzoni, kwenye zile kurasa za utangulizi ambazo hakuna mtu anayezisoma, akapitisha kidole chini ya mistari mpaka akapata alichokitafuta. Waliotunga walieleza: neno likiwa na maumbo mawili yanayotumika, maelezo yamewekwa kwenye lile wanalolipendekeza, na lile jingine linaelekeza huko. Kwa hiyo mhogo haukuwa kosa. Ulikuwa wa pili.

Mwenyekiti akaigusa kamusi yake kuukuu. "Hii haikusema ni kosa," akasema polepole. "Haikusema kitu. Mimi ndiye niliyesema." Akaniangalia. "Tumekosea wawili, madam. Wewe kwa kuhesabu, mimi kwa kutohesabu."

Kijana akauliza kama basi tuyaachie na yale mengine, mbona hata muhasibu na muhandisi watu wanaandika. Mwenyekiti akanigeukia mimi, na jambo hilo sikulitegemea. "Tafuta," akasema.

Nikatafuta, safari hii mistari kwanza, hesabu baadaye. Muhasibu ilikuwepo, si mara chache, na kutoka mikononi mwa watu wengi. Kwa hiyo hesabu peke yake ingetupa ruhusa. Lakini kamusi zote mbili, ya zamani na mpya, zilikuwa na mhasibu peke yake, bila mwenzake, na hakuna kitabu cha kiada tulichokifungua kilichoandika vinginevyo. Ustadhi akasema mtoto wa huku ana sababu yake ya kuongeza irabu, maana kwa Kikurya mtu ni omonto, na irabu ya kiambishi haimezwi kama kwenye Kiswahili. Masikio yake hayakosei, yanasikia lugha ya nyumbani. Tukakubaliana kwamba hiyo ni sababu nzuri ya kumfundisha taratibu, lakini si sababu ya kumpa tiki. Mhasibu ikabaki mhasibu.

Kwa alama ya nne, mwenyekiti akaamua: muhogo tiki, mhogo tiki. Akauliza kama kuna anayepinga. Akapinga mmoja, aliyekuwa akijumlisha alama, kwa sababu sasa angeandika jumla kwa mara ya tatu. Alisema kama ni hivyo bora neno lenyewe tulifute kwenye mtihani. Mwenyekiti akamwambia kulifuta kungewanyima waliolifanyia kazi. Akanuna mpaka mchana, naye alikuwa na haki ya kununa.

Karatasi nilizirudia mwenyewe. Wawili wale walitaka kunisaidia, nikawaambia hapana. Ile ya msichana wa shule ya mbali nilishindwa kuifanya ionekane safi. Palikuwa na tiki, mistari miwili, na tiki nyingine pembeni. Nikaandika kando kwa herufi ndogo: Ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Sijui kama alisoma.

Jioni, wakati wa kufunga, mwenyekiti alivuta kiti akaketi karibu nami, akaomba nimwonyeshe ile mistari inavyopangwa. Nilimwandikia maneno aliyoyataka. Alitaka hatima na hatma. Alitaka hususan na hususani. Kila nilipompa hesabu aliuliza swali la Ustadhi, imetoka wapi, mpaka nikaanza kumtajia kabla hajauliza. Aliposhika mwenyewe kipanya alikuwa na mkono mzito, akibofya kama anayepiga muhuri, na alipoona neno moja limekaa katikati likishuka mstari baada ya mstari hadi chini, alisema tu, "Eh!"

Shule zilipofunguliwa niliwarudishia wanafunzi wangu wa Nyamwaga karatasi zao. Nikaandika ubaoni maneno yote mawili, muhogo na mhogo, nikawaambia kwamba niliwafundisha moja kana kwamba jingine halipo, na kwamba hilo halikuwa sawa. Nikaeleza kidogo kuhusu kamusi mbili na kuhusu kijitabu cha batobato. Darasa lilisikiliza kwa heshima, kama linavyosikiliza mambo yasiyo na alama.

Kisha msichana wa dawati la mbele, ambaye kwao wanalima ekari nzima ya zao lenyewe, akanyoosha mkono.

"Madam, sasa kwenye mtihani wa taifa tuandike upi?"

Nikamwambia aandike muhogo, kwa kuwa ndio unaopendekezwa na kamusi zote nilizoziona, na kwamba akishachagua asichanganye katika insha moja. Akaandika. Akafikiri.

"Na huko wanakosahihisha, wana kamusi ipi?"

Nikamwambia sijui. Akainamisha kichwa, akaliandika na hilo pia.